Njambi Akataa Kuagiwa Watu

Njambi aliingia kiwanda cha maboksi cha Thika akiwa msichana wa kuhesabu mizigo langoni, na akaja kuwa msimamizi wa ofisi ya oda. Katikati ya hapo aliolewa, akahamia Ruiru, akazaa mapacha, akamzika mama yake. Kiwandani walijua yote hayo, maana ndio waliochanga wakati wa harusi na ndio waliojaza basi kwenda mazishini. Alipopata kazi Juja, kwa kampuni inayouza vifaa vya maabara, kuondoka hakukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni namna ya kuaga.

Asubuhi ya siku ya mwisho alifungua kompyuta akakuta imeili ya Bedan, meneja wa HR. "Sasa Njambi. Nimekuandalia ya kuaga. Weka jina tu unirudishie, nitatumia watu wote." Chini yake paliandikwa: "Wapendwa wenzangu, baada ya safari ya kufana, nimeamua kufuata ndoto zangu kwingine. Asanteni kwa kuwa familia."

Maneno hayo alikuwa ameyasoma kabla, mpaka mkato kwa mkato. Yalitumwa mwaka uliotangulia kwa jina la Ephantus, fundi wa mashine ya kukata karatasi.

Ephantus hakuwa amefuata ndoto yoyote. Kinga ya kisu cha mashine yake ilikuwa imelegea, akairipoti mpaka akachoka kuripoti, na siku moja mashine ikamkata vidole viwili. Alipotoka hospitali aliambiwa kazi nyepesi hakuna. Akarudi kwake Gatuanyaga kufuga mbuzi. Watu wa karakana hawana imeili za kampuni, kwa hiyo barua iliyobeba jina lake yeye mwenyewe hakuiona. Njambi alimwendea Bedan wakati ule akamuuliza ni nani aliyemwambia Ephantus anataka kusema hayo. Bedan alimjibu, "Hiyo ni ya kawaida tu, kila mtu anatumiwa."

Sasa na yeye alikuwa ametumiwa.

Akafungua ukurasa mtupu akaanza kuandika. Aliandika juu ya kinga iliyolegea, juu ya ripoti zilizopuuzwa, juu ya Bedan na ndoto zake. Alipomaliza alimwita Ruchi, mhasibu, ambaye meza yake na ya Njambi zilitazamana miaka yote hiyo. Ruchi alizaliwa Thika hapo hapo, babu yake alikuwa na duka la vyuma, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

Ruchi alisoma mpaka mwisho. "Hii si ya kuaga. Hii ni kesi."

"Kuna uwongo ndani?"

"Hakuna. Lakini Kyengo wa stoo ataifungua akitafuta kwaheri yako, na atamkuta Bedan mara nne. Yeye mwenyewe hayumo hata mara moja."

Njambi akaisoma tena.

"Ya Ephantus iko na mahali pake," Ruchi akaendelea. "Ofisi ya leba ipo, ndiyo ya malalamiko ya wafanyakazi. Huko ndiko utasema kinga ilikuwa imelegea. Hapa waambie watu vile wamekufanyia."

Neno hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa la haki. Akafuta yote akaanza upya, polepole, akiwaza mtu mmoja mmoja. Hakuweka neno safari, wala familia, wala ndoto. Kichwa cha barua kilisema tu: "Leo natoka – Njambi wa oda."

"Wenzangu,

Leo ni siku yangu ya mwisho. Jumatatu naanza kazi Juja, kwa hiyo siendi mbali, na mkipita huko chai ipo.

Kyengo, siku ile nilipotuma lori la Nakuru likaenda Nyeri, ulishinda kwa simu na dereva mpaka akageuka, na hujawahi kumwambia mtu. Sasa nimewaambia mwenyewe.

Ruchi, nilipokuwa na mapacha tumboni nilikuwa siwezi kumeza kitu ila dhokla za mama yako, zile keki za dengu. Ulizileta bila kuombwa.

Wangechi wa jikoni, mama alipofariki kila mtu aliniuliza maswali. Wewe uliketi tu karibu na mimi.

Ephantus, ulinifundisha kuisikiliza mashine kabla sijamwahidi mteja tarehe. Ulisema ikikohoa, niongeze siku mbili. Hukutuacha ili ufuate ndoto. Uliumia ukiwa kazini, na hakuna aliyekuaga vizuri. Nakuaga leo. Asante.

Oda zangu zote anazo Nzuki, anayeshika nafasi yangu, muulizeni yeye. Namba yangu ya simu ni ile ile, na imeili yangu ya nyumbani iko hapa chini.

Njambi"

Orodha ya imeili za wafanyakazi wote ilikuwa na kufuli. HR peke yao ndio wangeweza kuitumia. Akampelekea Bedan. Haukupita muda Bedan akaja mwenyewe, akasimama kando ya meza.

"Imekuwa poa sana. Hiyo ya Ephantus tu ndiyo itoke."

"Kwa nini?"

"Inaleta picha mbaya. Viren akiisoma ataniuliza." Viren ndiye mwenye kiwanda.

"Basi akuulize."

"Njambi, si hii ni barua ya shukrani?"

"Nimemshukuru."

"Mshukuru bila hayo ya kuumia."

"Bedan, yeye ulimwandikia bila kumuuliza. Ukikata hapo, na mimi utakuwa umeniandikia."

"Basi kwa watu wote siitumi."

"Sawa," akasema Njambi.

Bedan alipotoka, Njambi akaanza kuandika majina mmoja mmoja kwenye sehemu ya wapokeaji wasioonekana, wale aliofanya nao kazi kweli. Akatuma. Kisha akayanakili maneno yale yale kwenye simu, akawatumia watu wa karakana na wa jikoni kwa WhatsApp, na Ephantus pia.

Bedan akarudi mbio. "Irudishe."

"Wameshaifungua. Angalia, wanajibu."

Muda mfupi baadaye kompyuta ikamtoa, na nenosiri lake likakataa. Ilikuwa bado kabla ya chakula cha mchana. Kwa kawaida anayeondoka huachiwa mpaka jioni. Njambi akabeba kikombe chake na picha ya mapacha akaenda jikoni. Wangechi akamwekea githeri, wakala.

Ephantus alimpigia akiwa bado mezani. "Mami, Warigia amenisomea," akasema. Warigia alikuwa binti yake. "Nimemwambia arudie pale pa kukohoa. Umenikumbusha mimi ni fundi."

"Baba Warigia, uko tayari kwenda leba? Mimi nitakuwa shahidi."

"Nilidhani hakuna mtu aliyeona," akasema mzee. "Tutaenda."

Jioni, akiwa nyumbani Ruiru anawavua watoto sare, Nzuki akamtumia picha ya kioo cha kompyuta. Bedan alikuwa ametuma kwa watu wote: "Wapendwa wenzangu, nimeamua kufuata ndoto zangu kwingine." Chini kabisa, jina lake: Njambi.

Akaketi kitandani na simu mkononi. Akamwandikia Bedan kutoka kwa imeili ya nyumbani, na nakala kwa Viren, akaambatisha ile barua aliyoiandika mwenyewe: "Haya si maneno yangu na sikukupa ruhusa ya kuyatia jina langu. Nataka uwaambie hivyo wote uliowatumia."

Bedan hakujibu. Viren alijibu asubuhi, mstari mmoja, akitaka kujua Ephantus ni yupi.

Njambi akausoma mstari huo, akampigia Ruchi. "Fundi alimfanyia kazi huyu mtu karibu miaka ishirini," akasema, "na anauliza ni yupi."