Seng'enge Iliyovaa Majani

Mimi ni mtu wa Magarama, Gitega, na kazi yangu ni kutoa vitu kwenye picha. Nimetoa mashemeji waliogombana na harusi, ndoo za maji zilizosahauliwa miguuni pa bibi harusi, nguzo za umeme zilizoota kwenye vichwa vya askari wastaafu. Kuta za matofali nilizokwisha kuzifuta, zingekuwa za kweli, ningejenga Gitega nyingine na masalio nikawauzia watu wa Bukirasazi. Haya yote nilijifunza kwenye masomo ya jioni, darasa la kompyuta ambalo tulikuwa wengi kuliko viti, na cheti changu nimekitundika dukani juu kabisa, pale ambapo mteja akitaka kukisoma lazima aniheshimu kwanza kwa kuinua shingo.

Ndiyo maana mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kutoka Muyinga aliponikuta dukani na kunieleza shida yake, nilicheka kidogo. Mtoto wa kaka yake alikuwa amefariki. Familia ilikuwa na picha yake moja tu nzuri, na katika picha hiyo kijana alikuwa nyuma ya seng'enge.

"Kazi ya asubuhi moja," nilimwambia. "Nitumie kwa simu."

"Mama yake hataki simu itoke mkononi," alisema. "Na ikitumwa si inasinyaa?"

Hapo alisema kweli. Picha ikipita kwenye mtandao inafika imekonda, na mimi nilihitaji kila chembe yake. Basi nikachukua kompyuta yangu, nikapanda naye pikapu ya rafiki yake, tukaenda Muyinga. Nilivaa shati moja. Asubuhi moja inahitaji mashati mangapi?

Pikapu ilitufikisha mlangoni, ikakohoa, ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yameisha, na kituoni foleni ya magari ilikuwa imelala kama mji mpya, wenye magari wameshaanza kujuana hadi majina ya watoto. Dereva alisema atarudi Gitega mafuta yakija. Yatakuja lini? Akatazama juu, kama vile yananyesha.

Nyumba ilikuwa ya mafundi cherehani, Waislamu wa mjini, sebule imejaa watu wa msiba. Mama wa marehemu alinikaribisha, akanipa chai na chapati, akanikalisha mezani karibu na dirisha lenye nondo, kisha yeye akaweka kiti chake kati yangu na mlango. Sijawahi kufungiwa kwa heshima kubwa kiasi kile.

"Mwanangu," aliniambia, "siku ya arobaini nataka picha iwe ukutani. Mais, lakini bila hiyo kitu."

Akanifungulia simu. Kijana alikuwa amesimama ndani ya uwanja wa mpira, rafiki yake yuko nje, akampiga picha kupitia seng'enge ya vitundu vya mshazari kama vipande vya kashata. Nyuma yake kilima chenye migomba. Anacheka hadi gego la mwisho linaonekana, na vidole vya mkono mmoja amevipachika kwenye waya, usawa wa kifua.

"Ni picha nzuri," nilisema.

"Watu wanauliza alifungwa gereza gani."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Kijana alikuwa amevuka mpaka kwenda Tanzania kununua nyuzi na vifungo, akaugua malaria huko, akafia hospitali ya ugenini. Maneno yakatangulia mwili: eti alikamatwa, eti alifia ndani. Kila aliyeingia kutoa pole na kuiona picha ile kwenye simu, aliguna mguno wa mtu aliyethibitisha habari. Picha nyingine iliyokuwepo ni ya kitambulisho, na katika hiyo alinuna kiasi kwamba ingemaliza kesi kabisa.

Mpwa mmoja alikuwa amejaribu kabla yangu kwa programu ya simu, ile unayopitisha kidole kitu kikapotea chenyewe. Seng'enge ilitoka, lakini programu ilimpa marehemu uso wa mwimbaji. Mama aliitazama akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Simu ikafichwa tangu siku hiyo.

Nikaanza. Chombo changu kikuu kinafanya kazi kama muhuri: unachota kipande cha picha safi, unakigonga juu ya kisichotakiwa. Ndani ya kila kitundu cha seng'enge kulikuwa na majani safi. Nikachota jani la kitunduni, nikagonga juu ya waya wa pembeni. Kitundu kinachofuata, vilevile. Nilikwenda mbio kama mtu anayepura maharage. Umeme ulipokatika nilitumia betri, betri ilipokufa nilikunywa chai, umeme uliporudi nikaendelea. Kwenye shati na shavu nilikwenda polepole, na kila nilipobabaika mama alisogea na kunieleza shavu lilivyokuwa. Nikimwambia nataka kunyoosha miguu, alisema, "Nyoosha hapahapa, chini ya meza iko nafasi."

Kwenye kioo, nikiwa nimeikuza picha, kazi ilikuwa safi hadi nilitamani mwalimu wangu wa jioni aione. Baba mdogo, yule mfanyabiashara, aliipeleka studio jirani, ikachapishwa kubwa ya majaribio, wakaiegemeza ukutani. Watu wakarudi nyuma kuitazama.

Baba mdogo akakuna kidevu. "Bon. Hili shamba limepandwa na serikali? Migomba imepanga mstari."

Nikacheka. Kisha nikatazama kutoka mlangoni. Kulikuwa na jani moja lililokauka, la rangi ya tambi, ambalo nilikuwa nimelichota bila kujali. Sasa liko hapa, na pale, na kule, linapanda kilima kwa hatua zilezile kama askari wa gwaride. Na si hilo tu. Nilikuwa nimechota kutoka kila kitundu na kugonga upande uleule, kwa umbali uleule, kitundu baada ya kitundu. Marudio yangu yalifuata waya. Ukisogea mbali, kilima chote kilikuwa na mishazari ya kijani inayokutana na kuachana, kashata juu ya kashata.

Mama aliitazama. Hakuinua sauti.

"Seng'enge haijatoka," alisema. "Imevaa majani. Bado iko ndani, mtoto wangu."

Nilitaka kukimbia, mbele za Mungu. Lakini kukimbia kwa chombo gani? Pikapu ilikuwa imekufa mlangoni, baiskeli zote za Muyinga zilikuwa zimekodiwa na watu waliokata tamaa ya magari, na kutoka pale hadi Magarama kwa miguu mtu anafika akiwa babu. Mgeni mmoja alishaanza kuguna. Arobaini ilikuwa inakaribia, na mimi, mwenye cheti, nilikuwa nimemfunga kijana upya, safari hii kwa wavu usioonekana ambao hauwezi hata kukatwa kwa koleo.

Nikakaa tena dirishani. Niliigeuza picha kichwa chini, kwa sababu ukiigeuza macho yanaacha kuona migomba, yanaona madoa tu, na doa linalojirudia linajitangaza lenyewe. Nikajaribu kuchota mbali zaidi, huku na huku, kugeuza vipande, kuvikuza kidogo, kuvipa kingo zilizochanika badala ya duara. Gwaride lilivunjika, lakini askari walikuwa walewale. Majani safi ndani ya vile vitundu yalikuwa machache mno kwa kilima kizima. Nilihitaji majani mengine, na picha ilikuwa haina.

"Mama," nilisema, "huu uwanja uko wapi?"

"Wa nini?"

"Nataka kwenda kuchota majani."

Alinitazama kama anayepima kitambaa. "Mi nakuja na we."

Tulikwenda alasiri, kwa sababu katika picha kivuli cha kijana kilikuwa kimelala upande wa alasiri. Alinishika mkono njia nzima, na waliotuona nadhani walimsifu mama mzee anayeongozwa na kijana mwema. Mfungwa ni mimi. Seng'enge ilikuwa palepale, kilima palepale. Nikasimama nje, aliposimama yule rafiki aliyepiga picha, nikasogeza simu hadi kamera ikaingia ndani ya kitundu kimoja. Kwenye kioo waya wote ukapotea. Kilima kitupu, kizima.

Mama alichungulia kioo. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Rafiki yake angesogea hatua moja."

Mama alisogea kwenye seng'enge. Aliushika waya kwa vidole, akauachia.

Nilikipiga picha kilima mara nyingi, nikisogea kidogo kila mara, nikarudi dirishani na majani ya kutosha kulisha ng'ombe wa mkoa mzima. Yalikuwa makali kuliko ya picha ya zamani, basi nikayafifisha, nikayatia chembechembe zilezile za simu ile mbovu, nikayapaka weusi kidogo. Mahali pa waya nikaweka kilima chenyewe, hakuna jani lililozaliwa mara mbili. Nikakitazama kikiwa kidogo kama stempu, nikakigeuza, nikakitazama kutoka mlangoni. Mishazari ilikuwa imekufa.

Kisha nikaona vidole.

Seng'enge imetoka, vidole vimebaki vimeshika hewa. Kijana anacheka huku mkono wake umekunjwa kifuani kama kucha za kuku. Nilimwambia mama tuikate picha juu ya mkono.

"Hapana. Hiyo ndiyo mikono ilishona nguo za mtaa mzima."

"Basi nivifute vidole, niweke kilima?"

Alinitazama, nikaomba radhi kabla hajajibu.

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe. "We fundi," alisema, "kwangu iko seng'enge. Fupi, ya kuzuia mbuzi. Hakuna mtu anauliza kama nimefungwa."

Mama akanigeukia, nikaelewa: seng'enge inayoishia kifuani haimfungi mtu.

Nikarudisha waya halisi kutoka picha ya kwanza, kuanzia kifuani kwenda chini tu. Juu yake nikalaza bomba la chuma nililolichota kwenye nguzo ya pembeni mwa picha ileile, kwa vipande vya kutu visivyolingana, maana nilishajifunza. Vidole vikakaa chini ya bomba, vimepata cha kushika. Kichwa, mabega na kicheko vikawa juu, wazi, na kilima nyuma yao.

Siku ya arobaini picha ilikuwa ukutani, na mimi nilikuwa mkekani na shati langu moja, kwa sababu mafuta hayakuwa yamekuja. Baada ya dua, mzee mmoja wa msikitini, miongoni mwa walioguna zamani, aliisogelea. Nilishusha macho kwenye sahani ya pilau. Alikaa pale hadi wali ukapoa mkononi mwangu.

"Hapa alikuwa anapiga soga na nani?" aliuliza.

"Ah, nani anajua," mama alisema. "Alikuwa hapiti penye ua wa mtu bila kusimama."

"Mimi alinichelewesha sala," mzee alisema. "Alinishika palepale barabarani, eti kanzu yangu imeshonwa na adui."

Mwanamke mmoja karibu na mlango akasema nyumbani kwake kijana alikunywa chai hadi akasahau kilichomleta. Mwingine akasema huyo kijana alimdanganya bei ya vifungo huku anamchekesha. Mama alisogeza kiti chake kutoka mlangoni, akakipeleka katikati yao, akakaa kusikiliza.