Nesi Aliyeitwa Kabla ya Chai

Wodi nzima ilimwita Kabla ya Chai, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimiwa. Kazi iliyompa sifa aliifanya alfajiri, mtoto akiwa bado kitandani, hajatia hata tone la maji mdomoni. Alikuwa mfupi, mnene, anatumia mkono wa kushoto, na aliimba vibaya huku akijua kwamba anaimba vibaya.

Nilimjua kwa sababu ya kitinda mimba wangu. Nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na miwili, wakati nguo zote za kichanga nilikwisha kuzigawa kwa majirani. Alipotimiza mwaka mmoja na nusu akaanza kukohoa. Wiki ya sita ilipofika alikuwa bado anakohoa, jioni anachemka, na mizani ya kliniki imegoma kupanda kwa miezi miwili. Dawa za nimonia alikuwa amezimaliza mara mbili. Ndipo tukalazwa.

Daktari wa wodi, kijana mpole mwenye miwani, alikuja na karatasi ya maswali. Kila jibu lina alama zake.

"Nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu?"

"Hakuna, daktari. Wala anayekohoa hakuna."

Niliapa kabisa. Akajumlisha. "Tano, mama. Karatasi inataka saba ndipo aanzishiwe dawa za kifua kikuu."

Picha ya kifua nayo haikutusaidia. Mtoto alilia, akajipinda kama samaki, ikatoka ya upande upande. Daktari aliiinua kwenye mwanga. "Haisemi ndiyo, haisemi hapana. Tutachukua maji ya tumbo asubuhi mbili. Yasipoonyesha kitu, nawaruhusu mwende nyumbani, mumlishe vizuri."

Ningefurahi, lakini sikuweza. Mtoto wangu nilimjua kwa mikono, na mikono ilikuwa inaniambia anapungua.

Jioni ile Kabla ya Chai alikuja kunipa masharti.

"Mtoto mdogo hajui kutema, mama. Akikohoa anameza. Usiku kucha makohozi yanashuka tumboni, yanatungoja. Akiamka akacheza au akanyonya, yamekwenda zake. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hakuna kitu. Hata ziwa."

"Nimesikia, nesi."

"Mama wote husikia," akasema, akaondoka anaimba.

Asubuhi aliupima mpira mwembamba kutoka puani mpaka sikioni, kutoka sikioni mpaka chini ya mfupa wa kifua, akaweka alama. Mimi nilimshika mtoto mikono. Mpira ukapita puani, mtoto akapiga kelele za kuamsha wodi, nesi akavuta kwa bomba la sindano. Yakaja maziwa meupe.

Akayatazama. Akanitazama. "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Sijui, nesi."

"Mimi sijui, wewe hujui. Basi tumuulize ng'ombe."

Machozi yakanitoka. Saa kumi usiku mtoto alikuwa amelia, mimi nusu nimelala, mkono ukafungua kifungo wenyewe, kama ulivyofanya kwa mwaka mmoja na nusu. Nilidhani atanifokea. Akakaa kando yangu kitandani.

"Usiku wa leo vaa gauni nyuma mbele, vifungo mgongoni. Mpaka uvifikie utakuwa umeamka." Kisha akashusha sauti. "Sasa nieleze siku ya mtoto huyu. Anaamka saa ngapi, anabebwa na nani?"

"Nilishamwambia daktari, nyumbani hakuna…"

"Nyumba sijaiulizia. Namuulizia mtoto."

Nikaanza. Saa kumi na mbili anaamka. Saa moja naenda sokoni kwenye meza yangu ya vitunguu. Mtoto namwacha kwa wifi yangu, mtaa wa pili, mpaka jioni.

"Wifi anafanya nini?"

"Fundi cherehani. Mtoto anacheza chini ya meza yake. Dirisha analifunga, upepo usimpeperushie vitambaa."

"Na anakohoa?"

Nikafungua mdomo kusema hapana. Nikakumbuka. Wifi alikuwa anakohoa tangu mwanzo wa mwaka! Sisi sote tulisema ni vumbi la vitambaa, yeye wa kwanza. Kwa kuwa halali nyumbani kwangu, nilipoulizwa habari za nyumbani hata hakunijia akilini.

Nesi alitoa daftari dogo mfukoni. "Humu wamo watoto kumi na mmoja. Wote karatasi iliwarudisha nyumbani, wote wakarudi wagonjwa zaidi. Miaka ishirini na miwili niko wodi hii. Karatasi si mbaya, lakini haina macho, na inajua lile tu ililoambiwa. Nenda kamlete wifi yako. Ukisema kwa mdomo tu kwamba anakohoa, alama inaongezeka moja. Makohozi yake yakithibitisha, zinaongezeka tatu."

Nilimwachia mtoto, nikatoka mbio, kandambili moja ikakatika njiani nikaiacha hapohapo.

"Vumbi!" wifi alisema, mguu kwenye cherehani. "Nina gauni la bibi harusi hapa. Nani atalimaliza?"

"Wifi, vumbi gani linalokutoa jasho usiku? Sketi umeikaza pini tatu!"

Akainama kutazama pini. Cherehani ikanyamaza. "Mtoto anasemaje?" akauliza taratibu.

"Hasemi. Anakohoa kama wewe."

Alifunga duka, tukafuatana. Kwenye chumba cha makohozi alitemea kikopo akilalamika kwamba ni kidogo kuliko kofia ya kidole ya fundi.

Usiku ule nililala na gauni nyuma mbele, wodi nzima ikinicheka. Alfajiri bomba lilileta maji mazito yenye utelezi. "Haya ndiyo!" nesi akanong'ona, akayatia maji ya dawa ya kuua ukali wa tindikali ya tumbo, akayapeleka mwenyewe maabara. Kisha akamshawishi mpiga picha wampige mtoto tena, safari hii na ya ubavuni, yeye akimshika kichwa na kumwimbia. Nadhani mtoto alitulia kwa mshangao.

Mchana daktari alikuja na jibu la tumbo. Halikuonyesha vijidudu. Alikuwa na kalamu mkononi.

"Daktari," Kabla ya Chai akasema, "kwa watoto wadogo vijidudu ni vichache. Zaidi ya nusu ya wagonjwa jibu lao hutoka hivi hivi."

"Najua, dada. Ndiyo maana sijasaini ruhusa ya kwenda nyumbani." Akainua picha ya ubavuni. Pale mapafu yanapoungana na mirija ya hewa kulikuwa na uvimbe wa mviringo. "Tezi. Imevimba, na picha ya kwanza iliificha."

Mlango ukafunguliwa. Wifi, barakoa usoni, alisimama nje ya kizingiti akipunga karatasi kama aliyeshinda bahati nasibu. "Wameviona! Kwangu wameviona! Mpeni mtoto dawa!"

Sijawahi kuona mtu akitangaza ugonjwa wake kwa furaha namna ile. Nami nilicheka huku nalia.

Daktari alijumlisha upya. "Nane."

"Jana alikuwa tano," nikasema.

"Jana alikuwa mtoto huyuhuyu," akajibu, akaanza kuandika dawa. Wengine wote nyumbani tukaandikwa tupimwe.

Vidonge vilikuwa vya kuyeyusha kwenye maji. Kabla ya Chai alinionyesha, akachovya kidole, akaonja, akakunja uso kwa mzaha. Mwanangu akanywa chote. Nesi akatoa daftari. Nikajua anataka kuandika, nikamshika mkono.

"Usimwandike humo."

"Huyu hakurudishwa," akasema, akaligeuza daftari, akaanza ukurasa mpya kutoka nyuma.