Kichwa cha Mama Cate

Kwa miaka kumi na tisa Jepkosgei alikuwa na saluni pale Bahati, na kwa muda huo wote waumini wa kanisa lake walimhesabu kama mtu anayeharibu mabinti wa watu. Aliyeongoza maneno hayo ni Mama Cate, mwenyekiti wa akina mama. Mwezi wa Februari alimtoa msichana Chelangat kwenye kwaya kwa sababu ya nywele nyekundu zilizopakwa rangi kwa Jepkosgei.

Basi Ijumaa moja asubuhi Mama Cate mwenyewe akaingia saluni, leso imefungwa hadi nyusi. Alipoifungua, nywele zilikuwa njano kama nyuzi za mahindi mabichi. Alitaka kuficha mvi, akanunua blichi ya kufifisha weusi wa nywele, akajipaka nyumbani, kisha akapitiwa na usingizi.

“Nipake kahawia iliyokolea, niende,” alisema. “Jumapili nasoma somo.”

“Haiendi hivyo, Mama Cate. Blichi imekula ule wekundu ulio chini ya weusi. Nikiweka kahawia juu ya njano, itatoka kijani.”

Mama Cate hakuamini. Jepkosgei hakubishana, alipaka kahawia kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio, wakangoja. Kilitoka rangi ya maji ya bwawa la ng'ombe. Mama Cate akakitazama kwenye kioo.

“Lazima nirudishe wekundu kwanza,” Jepkosgei alisema. “Halafu kahawia ipate pa kushika.”

Akampaka rangi ya shaba, ile isiyo na dawa kali, kichwa kizima. Ilipokolea akaifuta. Kichwa kikawaka kama chungu kipya, na hapo ndipo Chelangat alipoingia kuulizia nafasi ya kesho.

Akasimama mlangoni. Akatazama, akatazama tena.

“Mama Cate,” alisema kwa adabu zote, “hiyo kichwa imeweza. Umependeza.”

Mama Cate akanyoosha mkono kutafuta leso yake.

Kahawia ilifuata. Jepkosgei alichagua iliyopungua giza kidogo kuliko ile waliyoitaka, maana nywele zilizokauka hunywa rangi kupita kiasi, na kila dakika tano alifuta kishungi kimoja kuona imefika wapi. Walipoosha, zilitoka kahawia nzito, tulivu, kama zilizoota zenyewe. Haikuwahi kumtoka kazi nzuri kama ile.

Jumapili Mama Cate alisoma somo bila kitambaa kichwani. Mchungaji akamshukuru, akawaambia mabinti wamtazame mama huyu aliyeridhika na nywele alizopewa na Mungu.

“Amina,” waumini wakasema. Jepkosgei naye akasema amina, kwa sababu alikuwa ameketi kati yao.

Nje, Mama Cate alimshika mkono kama anayemsalimu.

“Nirudi lini?”

“Ikianza kupauka. Wiki nne, tano.”

“Saluni yako ina mlango wa nyuma?”

“Hapana,” alisema Jepkosgei. “Ni ule mmoja tu, wa barabarani.”