Noti Ndogo za Sherikat

Mama muuza nyanya, jirani yetu kutoka Uganda, alikaa kwenye kreti la soda katika duka letu la kubadilisha fedha, sokoni Jebel, tangu asubuhi. Binti yake alikuwa Kampala akisubiri kupasuliwa, na hospitali ilitaka dola. Pauni zake za huku tulikuwa nazo. Kwa bei ya siku ile zilipungua kidogo. Noti ya dola mia ikishuka hadi pauni laki sita, zingetosha. Ikinunuliwa juu ya hapo, basi, upasuaji unangoja.

Mke wangu ndiye aliyeandika programu. Watu wetu katika masoko ya Jebel, Sherikat na New Site hutuma bei, kompyuta inapokea, na bei ikigusa kiwango alichotaja mteja, oda inakwenda yenyewe kwa Msomali anayeuza dola kwa jumla, ambaye huuza kwa bei ya dakika ile na harudishi. Kabla ya hapo kuna kichujio: kila bei mpya hulinganishwa na bei ya katikati ya zile tisa za mwisho. Ikiruka mbali, inawekwa kando hadi soko lingine liseme vivyo hivyo.

Saa sita Sherikat ikaleta laki tano na sabini. Kichujio kikaishika. Mara ikaja nyingine, ileile.

"Mbili hizo," nikamwambia mke wangu. "Iachie. Hata mimi nikihesabu mara mbili naamini."

"Wewe ukihesabu mara mbili, mzee wangu, unahesabu noti zilezile." Akanionyesha: mtumaji mmoja, sekunde ileile. Mtandao ulikwama, ukatema ujumbe mmoja mara mbili.

"Mimi iko nasikia laki tano," mama akasema, ameshasimama.

"Bado, mama. Ngoja kidogo."

Nilimwonea huruma kiasi kwamba kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mke wangu akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, taratibu, kama anayefunika chakula, na kwa mkono mwingine akapiga simu Sherikat.

"Hiyo ni ya mia ya noti za dola kumi kumi," mtu wetu akajibu. "Si mnajua ndogo hazina bei? Noti moja ya mia ni laki sita na kumi na mbili."

Ningebonyeza, ningenunua kwa hiyo, na pauni za mama zisingetosha.

Mama akakaa tena. Mke wangu akamletea chai, akakaa naye, wakazungumza habari za binti: anapenda kusuka, anaogopa sindano. Alasiri Jebel ikaleta laki sita na saba, New Site laki sita na nne, Sherikat ikafuata. Zilishuka polepole, kila moja karibu na iliyotangulia, kichujio kikazipitisha zote. New Site iliposema laki sita kamili, oda ikaenda, Msomali akaitikia kwa bei hiyohiyo.

Mama hakushangilia. Aliomba simu ya mke wangu, akapiga Kampala.

"Wewe, sikia. Kesho asubuhi usikule kitu. Hata chai. Daktari asikukute na chakula."