Kichwa cha Tangazo Nisichokiandika

Kazi yangu ni kuandika matangazo yanayotokea mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la rangi pale Kona ya Musa, chenye feni inayolalamika kuliko wateja. Wateja wangu ni watu wa nyumba za wageni, madereva wa watalii na walimu wa kupiga mbizi. Nawaandikia maneno machache na wao wanapigiwa simu. Miaka yote hiyo niliamini kwamba maneno machache hayawezi kumdhuru mtu.

Mteja ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa Diani, mjane, mwenye nyumba ndogo nne za kupangisha nyuma ya barabara ya hoteli. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa, Mdigo wa kukaa na watu, na ukimwamkia shikamoo hujibu kwa utulivu kisha anakuuliza habari za wazazi wako mpaka utamani kwenda kuwatembelea. Mimi ni mtoto wa watu wa bara waliopewa shamba upande wa Kikoneni. Kwetu kitu kisichokuwapo tunasema hakipo, mazungumzo yamekwisha. Tofauti hiyo niliiona ndogo. Ndiyo iliyoniponza.

Alipokuja kwangu, tangazo lake lilikuwa na kichwa kimoja tu, kwamba kuna nyumba za wageni Diani. Kila mwenye nyumba pwani nzima alikuwa anasema hivyo hivyo, kwa hiyo watu walilipita. Nikamweleza kwamba kuna njia ya kuacha pengo ndani ya kichwa cha tangazo. Unaupa mtambo wa matangazo orodha ya maneno ambayo watu hutafutia. Mtu akitafuta jambo linalolingana na neno mojawapo katika orodha yako, neno lile linaingia lenyewe kwenye pengo. Anayetaka nyumba yenye jiko anaona kichwa chenye jiko. Anayetaka nyumba ya familia anaona familia. Tangazo ni moja, lakini kila mtu anadhani limeandikwa kwa ajili yake.

"Sasa maneno hayo ya kuingia, yatatoka wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia ni yale ambayo wageni huuliza. Akafurahi, akafungua mkoba, akanipa daftari. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa chuo, kila jambo ambalo mgeni aliwahi kumuuliza kwa simu. Lilikuwa daftari la miaka miwili. Katika kazi yangu, kitu cha namna hiyo ni zawadi. Wenzangu hukaa wakibuni watu wanataka nini, na mimi nilikuwa nimepewa vinywa vyao wenyewe. Niliyageuza yote kuwa maneno ya kutafutia, kwa Kiingereza kwa kuwa wageni wake wengi hutafuta kwa Kiingereza, nikayapanga katika orodha moja, nikaliacha pengo. Baada ya alama ya pengo nikaandika maneno ya akiba, ya kutumika endapo neno lililopatikana ni refu kupita nafasi. Kichwa hakizidi herufi thelathini, na nafasi zinahesabiwa.

Mambo yalikwenda vizuri, sina haja ya kujidai mnyenyekevu. Watu waliobofya tangazo waliongezeka wiki ya kwanza, na ya pili wakaongezeka tena. Mama alinipigia kuniambia kwamba simu haimpi nafasi ya kupika. Siku moja nilipitia vichwa vilivyokuwa vikitokea nikakuta kimoja kilichosomeka vibaya, maneno yamegongana, nyumba na bei na Diani, kila neno na herufi kubwa mwanzoni kana kwamba ni jina la chama. Nilicheka peke yangu. Nikajiambia kwamba watu wanaelewa. Nikakiacha.

Nilipaswa kukaa na orodha ile na kusoma kila kichwa kama anavyokisoma mgeni. Ni kazi ya saa moja. Sikuifanya, kwa sababu takwimu zilikuwa nzuri, na takwimu zikiwa nzuri mtu huwa mvivu wa kusoma.

Ijumaa moja baada ya sala mama alinipigia. Hakuuliza habari za wazazi wangu. Alisema tu, "Mwanangu, njoo."

Nilimkuta uani na mwanamke wa makamo, mwalimu kutoka bara, na kando yao mama yake mzee ameketi kwenye kiti cha magurudumu, khanga begani, akitazama ngazi za ile nyumba waliyoikodi. Zilikuwa ngazi nne. Hazikuwa na pa kushika. Ndani, mlango wa choo ulikuwa mwembamba hata kwa mtu mnene tu, sembuse kiti.

Yule mwalimu hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alinipa simu yake. Alikuwa amepiga picha ya tangazo siku ile alipoliona, ili amwoneshe mama yake. Kichwa kilisema, kwa Kiingereza chake kilichopinda, Nyumba za Kiti cha Magurudumu Diani. Chini yake, jina la nyumba za mteja wangu.

"Nilitafuta mahali pa mama anayetumia kiti," akasema. "Nyinyi ndio mlitokea mkisema mnazo. Nikaandika ujumbe kwamba tunakuja na mama, vile tangazo lenu linasema. Nikajibiwa karibuni sana."

Mama mwenye nyumba alikuwa amejibu hivyo kweli. Angejibu nini kingine? Tangazo lenyewe hakuwahi kuliona, na mtu akisema anakuja na mama yake, unamkaribisha.

Hapo nikaelewa yote. Yule mwalimu hakuandika maneno yale. Linaloingia kwenye pengo si alichoandika mtafutaji, ni neno lako wewe, la orodha yako, lililolingana na alichoandika. Kwa hiyo lilikuwa letu. Nililiomba daftari, nikalitafuta neno lile, nikalikuta katikati ya ukurasa: mgeni anauliza nyumba ya kiti cha magurudumu. Juu yake, mgeni anauliza kama anaweza kuja na mbwa wawili wakubwa na paka. Chini yake, mgeni anauliza kama bahari inaonekana kitandani. La mbwa halikumdanganya mtu kwa kuwa lilikuwa refu, likashindwa kuingia, maneno ya akiba yakashika nafasi. La kiti lilikuwa fupi. Lilitosha.

Nilimuuliza mama, kwa sauti ya chini, kwa nini ameandika vitu ambavyo hana. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Mgeni hakatiwi neno kwa simu," alisema. "Namwambia nitatazama, inshallah. Naandika ili nisimsahau. Jioni nampigia, namwambia kwa upole kwamba sina, na namwelekeza kwa mwenye nacho."

Daftari lile, basi, lilikuwa la mambo anayodaiwa jibu, na mengi jibu lake lilikuwa hapana. Hapana hizo alizisema kwa mdomo jioni, wala hakuziandika. Mimi niliyachukua maswali yote nikayafanya ahadi, kisha nikaupa mtambo uwe unayasema kwa niaba yake kwa kila apitaye.

Aliichukua simu ya yule mwalimu mkononi mwangu, akaishika kwa mikono miwili. "Mimi sijapata kumwambia mgeni uongo tangu nifungue mlango huu," akasema. "Sasa nani amesema haya kwa kinywa changu?"

Nilishughulika na simu yangu, nikalisimamisha tangazo zima palepale. Hiyo ilikuwa kazi rahisi.

Yeye alifanya ngumu. Chumba chake mwenyewe kiko nyuma, sakafu sawa na ua, choo chake kimefungwa pazia badala ya mlango. Alitoa nguo zake, akatandika shuka mpya, akafukiza udi, akawaingiza yule mzee na binti yake humo. Yeye akahamia kwenye nyumba ya ngazi nne, na magoti yake si mazima. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi alipanda zile ngazi akishika ukuta. Jumamosi asubuhi watu wanne tulimbeba mzee kwenye kiti cha plastiki, kwa kuwa magurudumu hayaendi kwenye mchanga, tukampeleka ufukweni. Alitazama bahari kwa muda, akasema jua ni kali, akaomba arudishwe.

Mchana huo mama aliniita tukae na orodha. Nikawa nasoma kila neno jinsi ambavyo lingetokea juu ya tangazo, kwa sauti, na yeye anajibu. Yenye jiko? Ndiyo. Ya familia? Ndiyo. Yenye bwawa? Bwawa ni la jirani. Karibu na bahari? Alifikiri. "Dakika kumi na mbili kwa mguu wangu," akasema. "Andika hizo dakika." Nikamweleza kwamba hilo haliingii pengoni, lazima nimwandikie kichwa kamili, bila pengo. Akasema basi andika kamili. Kati ya maneno zaidi ya hamsini tulibaki na kumi na tisa. La kiti cha magurudumu nililitoa, kisha nikaliweka kwenye orodha ya kukataa, ili anayelitafuta asiletewe tangazo letu kabisa. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Jumapili gari lilikuja kuwachukua. Nilikuwa nimekwenda mapema nisaidie mizigo, nadhani ili nijisikie nafuu. Yule mzee akaingizwa garini, akashusha kioo, akamwita mama mwenye nyumba. Alizungumza Kiswahili cha bara, polepole.

"Yale maneno ya kwenye simu ya mtoto wangu," akasema, "ni nani aliyaandika?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nimekishika kiti chake kilichokunjwa. Mama alinitazama, mara moja tu, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Ni mimi, dada yangu. Unisamehe."

Mzee akasema amesamehe. Akamshika mkono pale dirishani. Mimi nikakiingiza kiti nyuma ya gari, nikafunga mlango.