Alhamisi Asubuhi Usifungulie Kuku

Subilaga Mwankenja alifundisha insha mpaka akastaafu, na mtu aliyefundisha insha umri wake wote hawezi kukuambia nyumba yako inaungua bila kuanza na utangulizi. Salamu kwanza. Kisha habari za moto kwa ujumla, faida zake na hasara zake. Nyumba yenyewe utaisikia kwenye hitimisho, kama bado unayo.

Kwa hiyo wafugaji wa kuku wa huku kwetu Tukuyu walipomwomba awaandikie kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, aliandika kama alivyofundisha. Watu walimsifu sana. "Mwalimu anaandika," walisema, na hakuna hata mmoja aliyesema amesoma mpaka mwisho. Subilaga hakulitambua hilo. Sifa ni tamu, nani angeuliza zaidi?

Mwaka ule ugonjwa wa mdondo uliingia vijiji vya juu. Kuku walikuwa wanaanguka vichwa vimepinda, na kwenye baadhi ya nyumba hakubaki hata jogoo wa kuamsha watu. Mchanjaji, kijana aitwaye Ambokile, alipangiwa kuteremka kitongojini kwao Jumanne. Subilaga akaandika ukurasa wa kuwatangazia watu. Juu aliweka picha ya jogoo wake mwekundu, kama ilivyotoka kwenye kamera, bila kuipunguza. Chini yake akaeleza bibi yake alivyolaza matetea mvunguni mwa kitanda, na nafasi ya kuku katika kumpokea mgeni. Chini kabisa, katikati ya aya ya mwisho, akawaomba wasomaji wasifungulie kuku asubuhi hiyo kabla mchanjaji hajapita.

Jumanne Ambokile alifika na kasha lake la barafu, akakuta kuku wa kitongoji kizima wako migombani wanachakura.

Subilaga alimkuta uani kwa Mama Lugano, jirani yake, mjane mwenye kuku wengi kuliko wote pale. Mama Lugano alikuwa ameshika tetea mmoja kwapani, anahema, na kanga yake imejaa matope.

"Mama, huyu mmoja hanisaidii," Ambokile alikuwa anasema. "Dawa hii nikishaichanganya ni ya leo leo, na chupa moja ni ya kuku wengi. Siifungui kwa ajili ya wawili watatu mnaowakimbiza kama polisi."

"Sasa sisi tungejuaje, baba?"

"Si mliandikiwa? Alhamisi alfajiri napita hapa mara moja tu nikienda vijiji vya ng'ambo. Nikiwakuta wamefungwa, nachanja kitongoji kizima. Wakiwa nje, naenda zangu."

Alipoondoka, Subilaga alisimama pale na uso wake haujui pa kuelekea. Mama Lugano akamwachia tetea wake, akacheka.

"Mwalimu, usininunie. Mimi niliufungua ukurasa wako. Nikamwona jogoo. Jogoo mzuri kweli. Alikuja kichwa, akaja shingo, halafu bando likakata. Mkia sijauona mpaka leo."

"Maneno je? Hukuyapata hata kidogo?"

"Nilijiunga tena jioni, nikayapata. Lakini Mwalimu, wewe unaandika ukuta. Mimi nasoma huku nageuza ndizi jikoni. Niliona mambo ya bibi, nikasema haya, ya bibi nitayasoma siku nikipumzika."

Subilaga aliomba ile simu aione. Ilikuwa simu ndogo, kioo kina ufa, mwanga umepunguzwa ili betri isiishe. Aya yake ya kwanza ilijaza kioo kizima na ikaendelea. Alisukuma kwa kidole, akasukuma tena, na tena, mpaka akaikuta ile sentensi ya kufunga kuku imejificha katikati ya maneno kama vile inaona haya kutoka. Kwenye kompyuta ya ofisi ya wafugaji alikuwa akiiona vizuri kabisa. Kuku wa watu walikuwa karibu kufa kwa sababu ya utangulizi.

"Mama Lugano," alisema, "nipe kigoda. Leo tunaandika hapa hapa jikoni kwako."

Akatoa simu yake, akaanza na jogoo. Alimfuta, bila kuweka picha nyingine. Kisha akamfuta bibi yake, ingawa alimpenda bibi yule. Halafu akaanza upya, akiweka juu kabisa lile lililokuwa chini kabisa. Alitaka kuandika "keshokutwa", akakumbuka kwamba mwingine ataufungua kesho, akaandika jina la siku. Kila wazo alilipa aya yake fupi, na kila aya ikapata kichwa chake kwa herufi nzito. Alipoandika kichwa "Maelezo kuhusu kuku wagonjwa", alimgeuzia Mama Lugano simu.

"Hapa utasimama usome?"

"Nitapita. Niambie nimfanye nini huyo mgonjwa."

Akabadilisha. Walipomaliza, ukurasa ulikuwa hivi:

*Alhamisi asubuhi usifungulie kuku*
Mchanjaji anapita alfajiri. Waache ndani mpaka amalize kwako.

*Chanja wote, hata vifaranga*
Kila kuku anawekewa tone moja tu jichoni.

*Kuku anayeumwa mtenge*
Chanjo haimponyi. Usimchanganye na wazima.

*Mwambie jirani*
Kuku wakiwa wachache, chupa haifunguliwi.

Mama Lugano aliufungua kwa bando lake lililobaki, nao ukaja wote kabla hajageuza ndizi. Subilaga akaufunika ukurasa kwa kiganja, ikabaki sehemu ya juu tu.

"Umeelewa nini?"

"Alhamisi nisifungulie kuku. Mwalimu, kwani ni mtihani?"

"Ni mtihani wangu mimi," Subilaga alisema. Kichwa hicho cha kwanza akakiandika pia kwenye ujumbe wa kundi la wasapu la kitongoji, ili hata asiye na bando la kufungua ukurasa akikute pale pale.

Alhamisi alitoka kukiwa na ukungu. Aliteremka njia ya migombani akiogopa kutazama pembeni. Chini ya migomba hapakuwa na kuku hata mmoja. Majogoo walikuwa wanawika, lakini kutoka majikoni, kwa hasira, milango imefungwa, na watu wamekaa vizingitini kama walinzi. Kwenye nyumba moja mwanamume alikuwa anamkemea mtu ndani: "We, acha huo mlango! Hujasoma? Alhamisi usifungulie kuku." Subilaga alimsalimia, akapita haraka ili asionekane akitokwa na machozi.

Ambokile alichanganya chupa ya kwanza, baadaye akachanganya ya pili. Alikwenda nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho. Mdondo uliteremka kweli wiki kadhaa baadaye, ukachukua wachache, ukaishia hapo.

Ulipopita, Subilaga alikwenda kwa Mama Lugano na mkungu wa ndizi kichwani, kushukuru. Mlangoni wakagongana: Mama Lugano naye alikuwa anatoka kwenda kwake, na tetea kwapani.

"Ndaga fijo, asante sana, Mwalimu. Huyu ni wako."

"Wangu kwa lipi? Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika. Ndaga wewe."

Walibishana pale mlangoni mpaka tetea akachoka na kufumba macho. Mwishowe ndizi zikaingia ndani, tetea akafungwa mguu, chai ikawekwa jikoni. Mama Lugano akavuta vigoda viwili, akakaa, akanyoosha miguu.

"Sasa kuku wangu wazima na sina haraka," alisema. "Ile habari ya bibi yako na matetea wa mvunguni uliifuta, eti?"

"Niliifuta."

"Basi nisimulie. Yote. Anzia kwenye salamu."