Sinia la Idi na Nyota Tano

Mamangu alikwenda kununua friji akiwa na sinia kwapani. Sinia lile kubwa la pilau ya Idi, amelifunga kanga. Nilimwambia aliache nyumbani Kibokoni, akanijibu kwamba friji isiyoingia sinia si friji, ni kabati.

Ile ya zamani ilikuwa imekufa baada ya miaka mingi ya kunguruma. Ilinunuliwa tulipokuwa watu tisa, na miaka ya mwisho ilipozea watu wawili tu, mama na dadake mdogo. Ilikula umeme hadi yuniti zikawa zinakatika kabla ya mwezi kwisha, na ndani mna sindano za mama za ugonjwa wa sukari. Mara mbili dawa ziliharibika. Hilo ndilo lililonipeleka dukani Tononoka, nami nilikwenda nikijua ninachotaka: friji ndogo.

Mama alisimama mbele ya friji ya lita mia nne na kumi, akafungua mlango, akatia sinia. Likaingia.

"Na ina nyota tano," akasema, akiigusa karatasi iliyobandikwa mlangoni. "Ile unayoitaka wewe ina nne. Wanitakia duni?"

Muuzaji alitabasamu. Mimi sikutabasamu.

"Mama, nyota hizi za kubana umeme zalinganisha friji na wenzake wa kimo chake tu. Soma hapa chini, yuniti za mwaka. Hii mia tatu na sitini, ni thelathini kila mwezi. Ile ya lita mia na hamsini ni mia na themanini. Kumi na tano. Nusu yake, na nyota zake nne."

Muuzaji akakiri ni kweli, ingawa hakupenda.

"Na Idi je?"

"Sinia la Idi limewahi kurudi na wali? Lazunguka kwa majirani, larudi jeupe."

Alicheka, nikajua nimeshinda. Nilikuwa nishaanza kuandikisha risiti aliponiuliza, taratibu, "Hiyo ndogo umehesabu watu wangapi?"

"Wawili. Wewe na mama mdogo."

Akalifunga sinia upya kwenye kanga, fundo kwa fundo. "Friji kubwa nilikuwa nikiiona, nasema watoto watakuja. Nikinunua ya wawili, basi nimekubali kwamba hamji."

Nilijua kusoma kila tarakimu ya ile karatasi, na hilo sikuwa nimelisoma. Niliona haya mbele ya muuzaji. Nikamwambia asimamishe risiti, nikarudi kwenye safu, nikachagua ya lita mia na tisini. Yuniti mia mbili na nne kwa mwaka, kumi na saba kwa mwezi. Sindano ziko salama nayo.

"Hii ya watu watatu," nikamwambia mama.

"Wa tatu nani?"

"Mimi. Kila Ijumaa."

Alinitazama kama anayekagua karatasi ya friji, akitafuta ile namba ya chini isemayo kweli. Tangu siku hiyo sijakosa Ijumaa hata moja, na rafu ya katikati ni yangu.